Je, wajua? Mswaki wa usiku hurudi kwa meno manne

"Nimechoka, hamu ya chochote sina, hata mswaki wa usiku nimeacha kupiga. Nianzeje hata jambo moja dogo la kila siku?"

Anza na meno manne ya mbele, mswaki ukiwa umelowa maji tu, mara unapomaliza kunawa mikono baada ya chakula cha jioni. Ukishayasugua hayo manne, kazi ya siku imekwisha.

Wengi hupanga kupiga mswaki "kabla ya kulala", na hapo ndipo mambo huharibika. Saa ya kulala haina mwanzo unaojulikana. Mtu mchovu hujilaza kidogo na simu, usingizi unambeba, akishtuka ni saa nane za usiku na hataki kukanyaga sakafu baridi. Kunawa baada ya kula ni tofauti: vidole vina mafuta ya mchuzi, kwa hiyo utanyanyuka tu, upende usipende. Tayari umesimama, maji yanatiririka, mikono imelowa. Kutoka hapo hadi kwenye mswaki ni kunyoosha mkono, ilimradi mswaki uwepo. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa huifanyi usiku. Mchana, ukiwa na nafuu kidogo, chukua kikombe, tia mswaki, kiweke kando ya sabuni ya kunawia. Kama bafu liko nje uani na mnanawa sebuleni kwa birika na beseni, basi kikombe kikae na birika.

Kwa nini hili lifanye kazi wakati hamu haipo? Kwa sababu kitendo kikirudiwa mahali palepale, baada ya jambo lilelile, jambo hilo lenyewe huanza kukiita. Hamu unaihitaji zaidi pale unapolazimika kuamua, na hapa uamuzi umeshafanyika mchana. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa na tabia moja aliyoichagua na kuifunga kwenye wakati fulani wa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Muda wa kati wa tabia kuanza kujiendesha ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa: siku 18 kwa mmoja, makadirio ya siku 254 kwa mwingine. Hivyo ukifika wiki ya 4 na bado unajikumbusha, hujakosea popote.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakukurudisha watu nyuma kwa kiasi cha maana. Umelala bila mswaki Jumanne? Jumatano ni manne yaleyale. Usiyalipe kwa kusugua mara mbili, maana deni la namna hiyo humfanya mtu aliyechoka aukwepe mswaki kabisa.

Kuna usiku ambapo mswaki ukishaingia mdomoni mkono utaendelea wenyewe. Mwache aendelee anayeweza: tia dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, fika hadi magego, maliza dakika 2, tema bila kusukutua sana ili floraidi ibaki kwenye meno. Huo ndio usafi kamili, na ndiko tunakoelekea, kwani usingizini mate hupungua na asidi hukaa muda mrefu zaidi kwenye meno. Lakini kosa tunaloliona mara nyingi huzaliwa hapa hapa. Baada ya siku 5 nzuri, mtu anajipandishia kipimo: sasa ni dakika 2 kila usiku. Siku ya 6 anarudi amechoka, dakika 2 zinaonekana mlima, anaacha vyote. Kipimo kibaki meno manne hata mwezi wa tatu.

Ukiona umekosa siku 3 mfululizo, usijilaumu. Kagua kikombe kwanza. Mara nyingi kimehamishwa wakati wa usafi, au siku hizo umekula nje na kunawa kwingine. Kama huli jioni kabisa, fungia mswaki kwenye jambo jingine lisilokosekana, mfano udhu wa Isha au kufunga mlango kwa komeo. Na kama huwa unakunywa chai ya sukari baada ya mswaki, ihamishie kabla.

Meno manne hayatibu ugonjwa. Uchovu na kukosa raha ya chochote vikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya ueleze vyote viwili, pamoja na usingizi na hamu ya kula, kwa sababu upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na sonona huweza kufanana. Yakija mawazo ya kutaka kufa, mwambie mtu wa karibu na uende siku hiyohiyo.