Kioo cha Fresnel: namna mwanga wa mstari unavyogeuzwa kuwa wa duara

Mwanga uliomo ndani ya kioo ukiupiga uso wake kwa mshazari wa kutosha, hautoki nje. Wote huakisiwa kurudi ndani. Kwa kioo chenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.51, hali hiyo huanza pembe ikizidi nyuzi 41.5, ikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso. Wengi huishia hapo: mwanga umerudi wote, basi haukubadilika. Kumbe kilichobadilika ni awamu yake, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake.

Wimbi la mwanga hutikisika kukata njia yake, na badiliko hilo halilingani kwa mitikisiko ya pande zote. Chora bapa linalopita kwenye mwali unaoingia na ule unaorudi. Mtikisiko ulio ndani ya bapa hilo hausogezwi awamu sawa na ule unaolikata wima. Kwa pembe ya nyuzi 54.6, tofauti ya awamu ya hiyo miwili ni nyuzi 45, mzunguko mzima wa wimbi ukihesabiwa kuwa nyuzi 360.

Mwanzoni mwa miaka ya 1820, Mfaransa Augustin Fresnel aliona kwamba kuakisi mara mbili kungetoa nyuzi 90 kamili. Kifaa chake ni kipande cha kioo chenye umbo la msambamba, pembe zake kali zikiwa nyuzi 54.6. Mwanga huingia wima kwenye ncha moja, huakisiwa na pande mbili ndefu, kisha hutokea ncha ya pili. Ukiuingiza ukiwa unatikisika kwa mstari ulioinama nyuzi 45 kutoka kwenye lile bapa, sehemu zake mbili, ya ndani ya bapa na ya kulikata, huwa na nguvu sawa. Zikitoka, moja iko kileleni wakati nyingine inapita sifuri, na kwa hiyo mtikisiko wa jumla huzunguka duara. Mwinamo ukikosewa, duara hugeuka duaradufu.

Si kila kioo kinafaa. Hata hicho cha 1.51 hakivuki tofauti ya awamu ya nyuzi 46 kwa akisi moja, na kipimo kikishuka chini ya 1.497 hizo 45 hazipatikani kwa pembe yoyote. Silika safi, yenye takriban 1.46, huhitaji akisi tatu.

Utajuaje umepata duara? Zungusha kichujio cha polaroidi, kinachopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, mbele ya mwanga unaotoka: ukali usibadilike. Lakini mwanga wa kawaida wa taa nao haubadiliki, kwa hiyo kipimo hicho peke yake kinadanganya. Weka kioo cha pili cha aina hiyohiyo kabla ya kichujio. Mwanga wa duara utarudi kuwa wa mstari, na kichujio kitauzima kabisa kikifika pembe fulani. Ule wa taa hauzimiki.

Usipozimika vizuri, kagua kwanza pande ndefu. Tone la maji hapo huipandisha pembe ya mwanzo wa uakisi kamili hadi karibu nyuzi 62, na kwa nyuzi 54.6 sehemu ya mwanga hutorokea majini. Alama ya kidole nayo huharibu, ndiyo maana kifaa hiki hushikwa kwa pande ambazo mwanga hauzigusi.