Je, wajua? Kero yenye hela unaijua kwa ujanja ambao watu tayari wanaufanya

"Kuna watu wanaona kero ya kila siku wanatoka na bidhaa, sisi wengine tunaishia kulalamika tu. Hivi wao huwa wanaangalia nini?"

Wanaangalia ujanja. Malalamiko hawayaangalii sana kwa sababu kila mtu analalamika, joto, foleni, bosi, umeme, na mengi ya hayo hakuna atakayekutolea hata buku uyamalize. Ila ukimkuta mtu ametafuta kijinjia chake mwenyewe cha kukwepa kero, amefunga kamba mahali, amekata dumu, anamlipa mtoto wa jirani amfanyie kitu fulani, hapo simama. Huyo tayari anailipia hiyo kero, kwa hela au kwa muda au kwa usingizi wake, ni vile tu bidhaa yenyewe haipo au ipo haimfai.

Sado tunayopimia mchele na dagaa sokoni ilianza hivyohivyo, kopo la rangi ya Sadolini limeisha rangi, mtu akaliosha akapimia, leo ni kipimo kabisa na ukiagizwa sado mbili hakuna anayewaza rangi.

Mfano wa mbali ambao umeandikwa vizuri ni wa Bette Nesmith Graham, sekretari wa benki kule Dallas, Marekani, miaka ya 1950. Taipureta za umeme zilipoingia zilikuja na utepe wa kaboni, ukikosea herufi ukafuta kwa raba karatasi nzima inachafuka, unarudia ukurasa mwanzo. Yeye akawaona mafundi wa kupamba madirisha ya benki wakikosea hawafuti, wanapaka rangi juu wanaendelea. Akatia rangi nyeupe kwenye kichupa, akaanza kupaka makosa yake kwa brashi ndogo kimyakimya asionekane, afu masekretari wenzake wakaanza kumuomba nao wapate kichupa. Ni hiyo dawa nyeupe ambayo maofisini kwetu wengi wanaita tipeksi hata kama kopo limeandikwa jina lingine. Alianza kuiuza 1956, na 1979 kampuni yake ikanunuliwa na Gillette kwa dola milioni 47.5. Mimi cha kunishika hapo sio hizo milioni, ni wale wenzake kuomba kichupa. Hakuwauliza kama wazo lake ni zuri.

Sasa tuje huku kwetu Mwanza. Mimi nakaa mlimani, kwenye mawe, maji yanatupandia usiku tu na hayana saa maalum. Nikaanza daftari la kero, wiki mbili, kila inayonikera naandika palepale mambo manne: nini kimetokea, saa ngapi, nani mwingine imempata, na amefanyaje kuikwepa. Suluhisho siandiki, hata likinijia kichwani naliacha, kwa sababu ukishaandika suluhisho unalipenda na unaacha kuangalia. Mstari wa kwanza kabisa ulisomeka hivi: "Saa 8 usiku, maji yametoka, nimelala, nimeamka asubuhi ndoo tupu. Mama wa chumba cha pili amepata. Anaacha bomba wazi na sufuria chini, maji yakianza kupiga sufuria anaamka."

Unaona? Ujanja upo. Nikafurahi kweli, nikasema hii ndio yenyewe, kengele ya maji, kitu kidogo cha betri unakiweka chini ya bomba kikilowa kinalia. Nikazunguka kwa majirani tisa. Wote wakasema wazo zuri, kijana una akili. Nikasema basi nani anatanguliza buku mbili nimtengenezee, kimya, mmoja akakumbuka ameacha mboga jikoni. Na walikuwa sahihi bwana, sufuria kila mtu anayo na inalia vizuri tu! Ujanja ukiwa wa bure na unafanya kazi, hiyo kero hata ikuume vipi haina soko. Ujanja unaoutafuta ni ule unaogharimu au ule unaofeli.

Wa namna hiyo niliukuta kazini, na sio kwangu, kwa shangazi yangu anayeanika dagaa ufukweni. Kwa asiyejua, dagaa wa ziwa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na giza likirudi mzigo unashuka kwa mkupuo. Asubuhi wanamwagwa juani, jua likiwa kali siku moja inaweza kutosha. Wa mchangani wanaanikwa juu ya nyavu chakavu, na hapo pana ujanja tayari, maana mvua ikitokea wanashika pembe nne wanakunja wote kwa mara moja.

Siku ya kwanza nikamuuliza vibaya. "Shangazi, nikikutengenezea kitu cha kuzuia mvua utanunua?" Akanijibu, "Eee mwanangu, kwa nini nisinunue." Hilo jibu ni la heshima, halina uzito, shangazi gani atamwambia mtoto wa kaka yake hapana? Nikarudi siku nyingine nikauliza yaliyopita tu: mara ya mwisho mvua kukukuta ilikuwa lini, ulikuwa na ndoo ngapi chini, nani alikusaidia kukusanya, ulimlipa, wale dagaa uliishia kuwauza kwa nani. Hapo akakaa kwenye ndoo akaanza kueleza. Juma lililopita, ndoo kumi na mbili, vibarua watatu, amewalipa buku mbili kila mmoja kwa kazi ya dakika kumi, amefunika kwa turubai, na asubuhi yake mzigo karibu wote umeenda kwa mtu wa chakula cha kuku. Kwa bei ya kuku sasa, sio ya binadamu.

Nilikuwa nimeshachora kichwani kihema cha kufunika haraka. Ila kuna kitu hakikukaa sawa, nikamuuliza, kwani mvua iliwalowesha? Akasema hapana, tuliwahi. Sasa kama mliwahi, wameharibika na nini?

Pale Toyota wana desturi ya kuuliza kwa nini mara tano mfululizo, mimi mara tatu zilinitosha. Kwa nini wameharibika? Wamechacha usiku. Kwa nini wamechacha? Walikuwa nusu wakavu, wamerundikwa chungu moja chini ya turubai, na dagaa mbichimbichi ukiwarundika bila hewa wanapata joto lao wenyewe, ukiingiza mkono katikati ya chungu asubuhi unausikia moto na harufu imeshageuka. Kwa nini wanarundikwa? Kwa sababu hawana pa kuwatandaza pasiponyeshewa, stoo ni ndogo. Kumbe mvua imemkera kwa dakika kumi, hela imepotea kwenye ule usiku wa baadaye. Kihema changu kingemfikisha palepale, turubai lingine juu ya chungu lilelile.

Na chanja je? Chanja zipo, zile meza za miti zenye wavu juu, na dagaa wa chanja wanatoka safi hawana mchanga, mnunuzi wa kula anawapenda zaidi. Lakini chanja imechimbiwa chini, haihami, wingu likija inabidi uwaondoe wote uwapeleke tena kwenye chungu.

Nikaenda kwa fundi na mchoro wa trei: fremu ya mbao mita moja kwa mbili, chini wavu, kwenye kona vijiguu vya kama sentimita kumi ili ukipanga moja juu ya nyingine hewa ipite katikati. Mvua ikija hukusanyi chochote, watu wawili wanabeba trei na dagaa wake, wanazipanga kama kreti za soda, turubai linafunika juu tu na pembeni unaacha wazi. Kwenye stoo ndogo trei kumi zinakaa kwenye nafasi ya moja.

Kabla ya kutengeneza ishirini nikapiga hesabu, na hapa ndipo wengi tunajikwaa. Ndoo ya lita 20 ukiimwaga kwenye trei ya mita za mraba mbili inafanya tabaka la sentimita moja, na hilo ni nene kwa dagaa, wa chini hawakauki. Kwa hiyo ni nusu ndoo kwa trei, na ndoo zake kumi na mbili zinataka trei ishirini na nne. Mbao, misumari, wavu, hela ya fundi, mara ishirini na nne, shangazi hana hiyo hela na hata angekuwa nayo angeongeza mtaji wa mzigo. Yaani suluhisho liko sahihi ila bei yake imemzidi mwenye kero. Hapo ilibidi nigeuze swali, sio anunue, labda akodi kwa siku za wingu tu, maana si kila siku inanyesha na wakati wa mbalamwezi trei hazitumiki kabisa. Na shangazi sio mwanikaji peke yake pale ufukweni, ila wingu likija linawafunika wote kwa pamoja, kwa hiyo siku ya hela ndio siku ambayo trei hazitoshi. Hilo bado sijalitatua.

Nikatengeneza sita tu. Nikamwachia bila kumweleza sana, nikawa napita jioni kuangalia. Siku ya kwanza nimekuta amezikalia na mwenzake wanapiga stori. Siku ya tatu, trei ya chini kabisa imechafuka, matone ya mvua yanarusha mchanga, vijiguu vya sentimita kumi vinafaa kati ya trei na trei lakini ile ya chini inataka kunyanyuliwa juu ya matofali. Siku ya tano vijiguu viwili vimeng'oka kwa sababu walikuwa wanaburuza badala ya kubeba, fundi akasema tutie bolti. Haya yote kwenye mchoro hayakuwepo na shangazi asingeweza kuniambia hata ningemuuliza mwezi mzima.

Wiki ya pili nikazichukua zote, nikamwambia fundi anarekebisha. Kweli alikuwa anarekebisha, ila pia nilitaka kuona kama zitatafutwa, maana kitu cha kuazimwa bure kila mtu anakipokea. Siku tatu kimya. Ya nne, saa kumi na moja alfajiri, simu inaita, shangazi, hata salamu hakunipa. "We mtoto, zile mbao zako ziko wapi? Wingu linatoka upande wa Ukerewe, na huyu mama jirani anasema atakulipa leoleo, anataka nne."