Kanuni ya kwadratiki haikushuka kutoka mbinguni

Wanafunzi wa kidato cha tano wakifika, swali langu la kwanza ni hili: kanuni ya kwadratiki imetoka wapi? Jibu huwa lile lile. "Mwalimu, hiyo ni ya kukariri." Nikimpa mmoja chaki aithibitishe, anashuka vizuri mistari miwili, kisha b²/(4a²) inachomoza pande zote mbili za mlinganyo. Imetoka wapi? "Ndiyo hatua yenyewe, mwalimu."

Dhana: "Unachukua nusu, unaipa mraba, unaongeza. Haina sababu."

Sababu ipo, na inachorwa. Al-Khwarizmi aliichora Baghdad katika karne ya 9 kwa mlinganyo x² + 10x = 39. Chora mraba wenye upande x. Eneo lake ni x². Ile 10x ni mstatili wa 10 kwa x. Ukate katikati upate vipande viwili vya 5 kwa x, kimoja ukibandike kulia kwa mraba, kingine chini yake. Nusu imetoka hapo: mraba unakua kwa pande mbili kwa kiasi kile kile.

Sasa tazama mchoro. Umekaribia kuwa mraba wa upande x + 5, ila kona moja iko wazi. Kona hiyo ni ya 5 kwa 5, yaani 25. Kuijaza ndiko kukamilisha mraba. Ukiongeza 25 kushoto, kulia nako unaongeza: 39 + 25 = 64. Upande ni 8, kwa hiyo x = 3. Yeye aliishia hapo, maana urefu hauwi hasi; sisi tunachukua na −8, tunapata x = −13.

Mchoro unaanza na x² moja, si tatu. Ndiyo maana ax² + bx + c = 0 tunaigawanya kwanza kwa a:

x² + (b/a)x = −c/a

Nusu ya b/a ni b/(2a), na kona yake ni b²/(4a²). Ijaze pande zote:

(x + b/(2a))² = b²/(4a²) − c/a

Hapa wengi hukwama kwa sababu asili hazifanani. Zidisha c/a juu na chini kwa 4a, iwe 4ac/(4a²). Ile 4 ya "4ac" mnayoiimba imezaliwa hapa, kwenye kusawazisha asili tu:

(x + b/(2a))² = (b² − 4ac)/(4a²)

Chukua kipeuo cha pili pande zote, hamisha b/(2a), na kanuni yenyewe ndiyo hii:

x = (−b ± √(b² − 4ac))/(2a)

Fanya hivyo kwa 3x² − 5x − 2 = 0. Unapata x² − (5/3)x = 2/3. Nusu ya −5/3 ni −5/6, kona ni 25/36, na 2/3 ni 24/36. Basi (x − 5/6)² = 49/36, x − 5/6 = ±7/6, na x ni 2 au −1/3. Angalia namba zenyewe: 25 ni b², 24 ni −4ac, 36 ni 4a². Anayeniambia kanuni ni njia moja na kukamilisha mraba ni njia nyingine hajazitazama.

Dhana: "√49 ni ±7."

Hapana. √49 ni 7. Alama ± inakuja kwa sababu namba mbili, 7 na −7, zina mraba 49. Na √(4a²) si 2a kila mara. A ikiwa −3, jibu ni 6, si −6. Kanuni inasalimika kwa kuwa ± iko mbele: a ikiwa hasi, majibu mawili yanabadilishana nafasi tu. Kwenye uthibitisho liandike hilo, usiliruke.

Dhana: "b² − 4ac ikiwa hasi, kanuni imegoma."

Haijagoma. Kwa x² − 4x + 13 = 0 unapata (x − 2)² = −9. Hakuna namba halisi yenye mraba hasi, kwa hiyo grafu haigusi mhimili wa x. Kwa namba changamano, x = 2 ± 3i.

Anayechukia sehemu azidishe mlinganyo wote kwa 4a badala ya kugawanya kwa a. Ule wa 3x² − 5x − 2 = 0 unazidishwa kwa 12: 36x² − 60x = 24. Ongeza b², yaani 25, pande zote: (6x − 5)² = 49. Kwa herufi ni (2ax + b)² = b² − 4ac, na hakuna asili ya kusawazisha. Mimi ningeufundisha huu kwanza, ila mchoro wa kona hauonekani upesi ndani yake, na bila mchoro tunarudi kwenye kukariri.