Kutoka Kalori Hadi Kilojouli: Maswali na Majibu kwa Anayelinganisha Vyakula vya Pakiti vya Nchi Mbalimbali

Dada yangu hunitumia biskuti kutoka Marekani, na hapa Dar es Salaam nanunua za Afrika Kusini. Za Marekani zimeandikwa 140, za Afrika Kusini zimeandikwa 1,980. Je, za Afrika Kusini zina nguvu mara kumi na nne zaidi?

Hapana. Kwa kadiri lebo hizo mbili zinavyoweza kutuambia, biskuti hizo zinakaribiana mno. Namba zimeachana kwa sababu mbili: kipimo cha nishati si kimoja, kwani ya Marekani ni kilokalori na ya Afrika Kusini ni kilojouli, na kiasi cha chakula kinachozungumziwa si kimoja. Ukigeuza kipimo na kusahau kiasi, bado utakosea, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo watu wengi hujikwaa.

Tuanze na kiasi. Lebo ya Marekani hutaja nishati ya kiasi kimoja cha kula, na uzito wa kiasi hicho huandikwa juu kidogo ya namba ya kalori. Tuseme hapa ni biskuti 3, gramu 30. Namba ya Afrika Kusini uliyoisoma ni ya safu ya gramu 100, ambayo mara nyingi husimama kando ya safu nyingine inayotaja kiasi cha mlo mmoja. Safu ya gramu 100 ndiyo ya kuaminiwa katika kulinganisha, kwa kuwa kiasi cha kula hutofautiana kutoka pakiti hadi pakiti, ilhali gramu 100 ni zilezile popote. Kwa hiyo gawanya 140 kwa 30, kisha zidisha kwa 100, upate takriban kilokalori 467 katika gramu 100.

Sasa geuza kipimo. Kilokalori moja ni kilojouli 4.184, hivyo 467 ukizidisha kwa 4.184 unapata takriban kilojouli 1,954. Kama uko dukani bila kikokotoo, zidisha kwa 4, halafu ongeza sehemu moja ya ishirini ya jibu lako: 467 mara 4 ni 1,868, sehemu yake ya ishirini ni kama 93, na jumla ni 1,961. Njia hii huzidisha kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia moja. Ukitaka kurudi upande wa pili, zidisha kilojouli kwa 0.24: 1,980 inakuwa takriban kilokalori 475.

Sasa una 1,954 upande mmoja na 1,980 upande mwingine, na ni rahisi kusema basi za Marekani ni nyepesi kidogo. Usiseme hivyo bado. Kanuni za lebo za Marekani huagiza namba inayozidi kalori 50 isogezwe kwenye kumi iliyo karibu zaidi, kwa hiyo 140 hiyo inaweza kuwa imetoka popote kati ya 135 na 145. Ukizigeuza namba hizo mbili kwa gramu 100, unapata kuanzia kilojouli 1,883 hadi 2,022, na 1,980 imo humo ndani. Jibu la haki ni kwamba lebo hizi haziwezi kuonyesha tofauti kati ya biskuti hizi mbili. Tofauti itakayoonekana mwilini itatokana zaidi na idadi utakayokula. Niliwahi kuweka biskuti tatu za namna hiyo juu ya mizani ya jikoni nikakuta zina gramu 33, wala si 30 kama pakiti ilivyosema. Gramu hizo tatu pekee zinaongeza karibu kilojouli 60.

Nilisoma kwamba kilokalori moja ni kalori 1,000. Basi hiyo 140 ya Marekani niigawanye kwanza kwa 1,000?

La, usiigawanye. Katika fizikia, kalori moja ni joto linalopandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ya selsiasi. Kwa chakula kipimo hicho ni kidogo kupita kiasi, kwa hiyo wanalishe walizoea kutumia kilicho kikubwa mara elfu, kile cha kilo moja ya maji, na wakaendelea kukiita kalori. Lebo za Marekani huandika neno hilo kwa herufi kubwa ya C mwanzoni, na maana yake ni kilokalori. Alama ya kcal kwenye lebo za Ulaya na Uarabuni ni kitu hichohicho. Daktari akikuambia kalori 1,800 kwa siku, naye anasema kilokalori.

Ukigawanya utapata kwamba biskuti tatu zina kilojouli 0.59, jambo lisilowezekana, na ni vizuri kuwa na mipaka michache kichwani ya kukuamsha unapokosea. Mafuta matupu, ambayo ndiyo chakula chenye nishati nyingi kuliko vyote, yana kilojouli 3,700 katika gramu 100. Hakuna chakula kinachopita hapo. Biskuti kavu za kawaida huwa kati ya 1,700 na 2,200. Kwa hiyo ukikuta karatasi ya tafsiri iliyobandikwa juu ya biskuti za kuagizwa inasema 470 kJ kwa gramu 100, shuku mara moja. Hiyo ni chini ya wali mweupe uliopikwa, ambao umejaa maji. Yaelekea aliyeandika alichukua namba ya kcal akaibandika alama ya kJ.

Chupa ya mafuta ya zeituni kutoka Ulaya imeandikwa 3,700 kJ / 900 kcal. Nikizidisha 900 kwa 4.184 napata 3,766. Lebo imekosewa?

Haijakosewa, na hesabu yako ni sahihi pia. Sheria ya lebo ya Umoja wa Ulaya, namba 1169 ya mwaka 2011, inataka vipimo vyote viwili viandikwe, lakini cha kilojouli hakipatikani kwa kukigeuza cha kilokalori. Kila kimoja huhesabiwa peke yake kutokana na virutubishi, kwa namba zilizokwisha kusogezwa kwenye namba nzima iliyo karibu: gramu ya mafuta ni kilojouli 37 au kilokalori 9, gramu ya wanga au ya protini ni 17 au 4, gramu ya nyuzinyuzi ni 8 au 2. Ukigawanya 37 kwa 9 unapata 4.11, na 17 kwa 4 unapata 4.25. Ndiyo maana mafuta matupu huonekana kupungukiwa na kilojouli, na sukari, ambayo huandikwa 1,700 kJ / 400 kcal, huonekana kuzidi.

Katika chakula mchanganyiko tofauti hizo huelekea kufutana. Chukua biskuti zenye wanga gramu 62, protini 7, mafuta 22 na nyuzinyuzi 4. Kwa kilojouli ni 1,054, 119, 814 na 32, jumla 2,019. Kwa kilokalori ni 248, 28, 198 na 8, jumla 482. Zidisha 482 kwa 4.184 upate 2,017, pungufu ya kilojouli mbili tu. Hesabu hii ya virutubishi ni njia nzuri ya kukagua lebo yoyote unayoitilia shaka, ila kwa lebo ya Marekani kumbuka kwamba nyuzinyuzi zimeshahesabiwa ndani ya wanga. Zitoe kwanza, la sivyo utazihesabu mara mbili.

Nina mafuta ya kupulizia kikaangoni kutoka Marekani. Yameandikwa sifuri. Sifuri mara 4.184 si sifuri?

Hesabu ni sifuri, lakini chakula si sifuri, na hii ndiyo lebo ninayoiogopea wagonjwa wangu kuliko nyingine. Kanuni za huko zinaruhusu kiasi chenye chini ya kalori 5 kuandikwa sifuri. Mafuta ya namna hii huandikiwa kiasi cha kula kidogo mno, kwa mfano gramu 0.25 zinazotoka kwa robo ya sekunde ya kubonyeza. Robo gramu ya mafuta ina kilokalori 2.25, basi imeruhusiwa kuwa sifuri. Mtu anayepika chapati habonyezi kwa robo sekunde. Akibonyeza kwa sekunde 5 ametoa vipimo 20, yaani gramu 5, na hizo ni takriban kilojouli 185. Kwa gramu 100, mafuta hayo yana nishati ileile ya mafuta ya alizeti yaliyomo jikoni mwako. Ukiona sifuri, acha kugeuza. Tazama orodha ya viambato, na kama kilichotangulia ni mafuta au sukari, hesabu kwa gramu unazotumia.

Kopo la maziwa ya unga kutoka Uarabuni lina 500 kcal, la nchi nyingine lina 268 kJ. Nichukue lipi kama nataka lenye nishati ndogo?

Tazama maneno madogo yaliyo juu ya kila safu. Ninavyoona, la kwanza linazungumzia gramu 100 za unga mkavu, na la pili mililita 100 za maziwa yaliyokwisha kukorogwa kwa maji. Gramu 100 za unga wenye kilokalori 500 ni kilojouli 2,092. Kama maelekezo ya kopo ni gramu 13 za unga kwa kila mililita 100 za maziwa, basi zidisha 2,092 kwa 0.13, upate 272. Ni maziwa yaleyale, kwa maana ya nishati. Kosa hili hutokea pia kwa juisi za unga na supu za pakiti.

Lebo ya Ulaya inasema mtu mzima anahitaji 8,400 kJ kwa siku, ya Australia inasema 8,700. Mimi nimeambiwa na daktari nisipite kalori 1,800. Nifuate ipi?

Fuata ya daktari wako. Zile mbili ni namba za rejea, zilizowekwa ili asilimia kwenye pakiti ziwe na msingi mmoja: 8,400 ni takriban kilokalori 2,000, na 8,700 ni takriban 2,080. Chakula chenye kilojouli 600 kitaandikwa asilimia 7 kwa zote mbili, kwa hiyo tofauti yake haina uzito dukani. Lakini asilimia hizo si zako, wala si za mtoto wako. Kikomo chako cha 1,800, ukizidisha kwa 4.184, ni kilojouli 7,531. Andika 7,530 kwenye karatasi ya manunuzi, na pakiti ikitaja kilojouli peke yake, toa katika namba hiyo moja kwa moja. Zile biskuti tatu za gramu 33 zitakuwa zimechukua takriban 645.