Asilimia 3 kwa mwezi inavyogeuka asilimia 61 kwa mwaka

Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka saba, na kila siku niliulizwa: "Riba yenu asilimia ngapi?" Ni wachache mno walioendelea kuuliza: asilimia ya nini? Wiki iliyopita mama mmoja muuza samaki alinijia na karatasi mbili. Anataka shilingi 1,200,000 anunue friza, alipe kwa miezi 12. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 3 kwa mwezi, ya pili asilimia 4.5.

"Mwanangu, si bora hii ya asilimia tatu?"

"Mama, tukae kwanza na kalamu."

Ile asilimia 3 ni riba ya flati. Wanachukua 1,200,000, wanapata riba ya 36,000, wanazidisha kwa 12: riba 432,000. Jumla ni 1,632,000, na rejesho la kila mwezi 136,000. Ndani ya rejesho hilo, kwa hesabu yao, 100,000 inapunguza deni na 36,000 ni riba. Sasa mtazame mama huyu mwezi wa 12. Deni lililobaki ni 100,000, lakini bado anatozwa 36,000, kana kwamba 1,200,000 yote ingali mkononi mwake. Fedha hiyo aliirudisha kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza, ila riba haikuliona hilo.

Kwenye riba ya salio linalopungua, kila mwezi unatozwa kwa deni ulilobaki nalo tu. Ndivyo ilivyo kampuni ya pili. Mwezi wa kwanza riba ni 54,000, kubwa kuliko ile ya flati, kisha inashuka kila mwezi. Rejesho ni kama 131,600 na riba yote ni kama 379,200. Kwa hiyo asilimia 4.5 imetoka nafuu kuliko asilimia 3. Mama alinyamaza, akaomba nirudie hesabu. Nikarudia.

Ili kulinganisha mikopo ya namna hii, tafuta gharama halisi ya mwaka: ni riba gani ya salio linalopungua ingezaa marejesho haya haya? Kwenye Excel unaandika hivi, na jibu unalisoma kama asilimia:

```
=RATE(12,-136000,1200000)*12
```

Jibu ni karibu asilimia 61. Ya pili ni 4.5 mara 12, yaani asilimia 54. Usipokuwa na kompyuta, kwa mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, chukua riba ya flati ya mwaka uizidishe kwa namba iliyo pungufu kidogo ya mbili. Hapa ni 36, na makisio hayo yanakuweka kwenye sitini na kitu, na hayo yanatosha kukukinga usidanganyike.

Nilidhani tumemaliza, hadi nilipogeuza karatasi ya pili. Nyuma kulikuwa na ada ya mkopo na bima, jumla 48,000, zinazokatwa kabla hujapewa fedha. Mama atasaini 1,200,000 lakini atapokea 1,152,000, huku marejesho yakibaki yale yale. Kwenye fomula unaweka alichopokea, si alichosaini:

```
=RATE(12,-131600,1152000)*12
```

Asilimia 54 imepanda hadi karibu 63, imeipita ile ya flati, ambayo haikuwa na makato yoyote. Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wale wanaojua tofauti ya flati na salio: wanasoma riba na kuyaacha makato.

Basi achukue ya kwanza? Nikamwuliza anatarajia kulipa vipi. Akasema msimu wa dagaa ukiwa mzuri, atamaliza deni katikati ya mwaka. Jibu hilo likageuza hesabu tena. Mkataba wa flati unasema ukimaliza mapema unalipa riba yote iliyobaki. Baada ya marejesho sita atadaiwa 816,000, na kwa kuwa riba ya miezi 12 itakuwa imelipwa ndani ya sita, gharama halisi inaruka hadi kama asilimia 82 kwa mwaka. Kampuni ya pili, kwa siku hiyo hiyo, itamdai salio tu, kama 679,000, na mkataba wake hauna faini ya kulipa mapema.

Nikamwelekeza aombe ratiba ya marejesho kabla ya kusaini popote. Safu ya riba ikiwa na namba ileile kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hiyo ni flati, hata kama afisa atasema vingine. Na kama hawana ratiba ya kukupa, mimi nisingesaini.

Amekwenda kampuni ya pili. Kwa kuwa makato yanamwacha na upungufu wa 48,000 kwenye bei ya friza, anazitafuta kwa mauzo ya wiki hii, asije akaongeza deni kwa ajili ya ada.