Kompyuta inajuaje pa kukata video ndefu?

Swali: «Nina kanda ya VHS ya harusi iliyohamishiwa kwenye kompyuta, saa mbili nzima katika faili moja. Programu inawezaje kuigawa vipande kwa kila tukio bila mtu kukaa kuitazama?»

Programu haielewi harusi, wala haijui kwamba hapa ni msikitini na pale ni ukumbini. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kulinganisha kila fremu na fremu iliyoitangulia na kupima ni kiasi gani picha imebadilika. Kanda za mfumo wa PAL zina fremu 25 kwa sekunde, hivyo saa mbili ni fremu 180,000, na karibu zote zinafanana mno na jirani zake, kwa sababu katika sehemu ya 25 ya sekunde bibi harusi hawezi kusogea sana. Lakini mpiga video alipozima kamera mlangoni mwa msikiti na kuiwasha tena ukumbini, fremu ya mwisho ya mlangoni na ya kwanza ya ukumbini zilikaa bega kwa bega kwenye utepe, na baina yao kuna mruko mkubwa wa rangi na mwanga. Mruko huo ndio mkato unaotafutwa.

Nitaeleza kwa kutumia programu huria iitwayo PySceneDetect, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi. Kila pikseli husomwa kwa vipimo vitatu, yaani aina ya rangi, ukolezi wa rangi hiyo na mwangaza. Programu huchukua tofauti ya kila kipimo kati ya fremu mbili, ikatafuta wastani kwa picha nzima, kisha ikapata wastani wa vipimo vyote vitatu. Tuseme kati ya mlango wa msikiti na ukumbi aina ya rangi imetofautiana kwa 22, ukolezi kwa 41 na mwangaza kwa 60. Jumla ni 123, na ikigawanywa kwa 3 tunapata alama 41. Ndani ya tukio moja lililotulia, alama za fremu zinazofuatana zinaweza kuwa 2 au 3 tu. Njia ya kwanza ya programu hii, `detect-content`, huweka kizingiti cha 27, na popote alama zinapokivuka, inahesabu kuwa pana mkato.

Njia hiyo inafaa kwa filamu iliyopigwa kwa utulivu, ila kanda ya harusi huitesa. Mpiga video anapoigeuza kamera kwa haraka kutoka meza ya maharusi hadi kwa wacheza ngoma, picha nzima hubadilika kila fremu, na alama zinaweza kwenda 29, 31, 33, 30, 30. Zote zimevuka 27, na hapana mkato hata mmoja. Sehemu tupu ya utepe, ile inayoonyesha chenga, ina shida iyo hiyo, maana chenga za fremu moja hazina uhusiano wowote na za fremu inayofuata.

Kwa hiyo kanda kama hii ninaipendekezea njia ya pili, `detect-adaptive`, ambayo haiulizi tu kama alama ni kubwa, bali pia kama ni kubwa kuliko za majirani. Hugawanya alama za fremu kwa wastani wa fremu mbili zilizotangulia na mbili zinazofuata. Katika kamera iliyogeuzwa, ile 33 ina majirani 29, 31, 30 na 30, ambao wastani wao ni 30. Uwiano ni 1.1, nayo programu inapita bila kukata. Katika mkato wa kweli, 41 ina majirani 2, 3, 2 na 3. Wastani ni 2.5, na uwiano ni 16.4. Kizingiti cha kawaida hapa ni 3, na pamoja nacho alama zenyewe lazima zifike 15, la sivyo picha iliyotulia kabisa ingekatwa kwa sababu ya mtikisiko mdogo usio na maana.

Adui anayebaki ni flashi ya kamera ya picha. Mwako wake ni mfupi kuliko milisekunde 40 za fremu moja, hivyo fremu moja huwa nyeupe kisha kila kitu hurudi kilivyokuwa. Alama zitakuwa, kwa mfano, 3, 2, 58, 55, 3, 2: mruko wa kuingia kwenye weupe na mruko wa kutoka. Ukikokotoa, 58 inapata uwiano wa takriban 3.7 na 55 inapata takriban 3.4, kwa hiyo zote mbili zinavuka 3. Utaitambua hitilafu hii kwa urahisi, kwani klipu mbili zinazofuatana zitaonyesha watu wale wale wakiwa wamesimama pale pale.

Ukipandisha kizingiti hadi 4, mikato hiyo ya uongo huondoka, lakini pana gharama. Ikiwa mpiga video alizima kamera huku anatembea, majirani wa mkato wanaweza kuwa na wastani wa 12, na 41 kwa 12 ni takriban 3.4 tu. Mkato huo wa kweli nao utapotea pamoja na flashi. Mimi huona ni heri kupata vipande vingi kupita kiasi, kwa kuwa kuunganisha viwili ni rahisi kuliko kuutafuta mkato uliofichika katikati ya dakika 20. Kwa sababu hiyo, anza kwa kukagua kabla ya kukata:

```
scenedetect -i harusi.mp4 -s alama.csv detect-adaptive list-scenes save-images
```

Amri hii inaandika alama za kila fremu katika `alama.csv`, inaorodhesha matukio pamoja na saa zake, na kutoa picha tatu za kila tukio. Zipitie picha hizo; ukiona flashi zimekata mno, ongeza `-t 4` baada ya `detect-adaptive`. Kisha kata, ukiiondoa `-t 4` kwenye amri hii ikiwa hukuihitaji:

```
scenedetect -i harusi.mp4 detect-adaptive -t 4 -m 2s split-video
```

Hapo `-m 2s` inakataza tukio lolote lililo fupi kuliko sekunde 2.

Picha zinazoyeyukiana taratibu, kama wahariri wa harusi wanavyopenda, karibu hazikamatiki kwa njia hizi. Mabadiliko ya alama 41 yakitandazwa kwenye fremu 25, kila fremu inapata takriban 1.6, sawa na mtu aliyegeuza shingo tu. Sehemu hizo utazikata kwa mkono.

Kukata nako kunaweza kukosea hata kama mkato umepatikana barabara. Kwa kawaida `split-video` huisimba upya picha, na hilo huchukua muda. Ukiongeza `--copy` kazi huisha upesi, kwa kuwa data inanakiliwa kama ilivyo, lakini faili ya video haihifadhi kila fremu kamili. Huhifadhi fremu kamili mara moja moja, na zilizo katikati hubeba mabadiliko tu. Kisimbaji cha x264, kisipopangiwa vingine, kinaweza kuachanisha fremu kamili hadi fremu 250, yaani sekunde 10 za kanda yetu. Klipu iliyonakiliwa lazima ianze kwenye fremu kamili, kwa hiyo ukiifungua ya ukumbini na kuona sekunde chache za mlango wa msikiti kwanza, ujue kugundua kulikuwa sahihi na kosa ni la kunakili. Ondoa `--copy`, uirudie amri.