Kila Risasi Inalipiwa Mara Mbili: Uchakavu wa Silaha na Uamuzi wa Kupigana

Katika gemu nyingi za bunduki, adui akijitokeza hakuna la kujiuliza. Unampiga, unaokota alichoangusha, unaendelea na safari. Gemu za kunusurika huleta swali hapo makusudi: huyu nimpige, nimzunguke, au nirudi nilikotoka? Swali hilo hutokana hasa na mambo mawili, uhaba wa risasi na silaha inayochakaa. Wachezaji wengi huyataja kwa pamoja kana kwamba ni jambo moja, lakini kazi zake ni tofauti kabisa.

Risasi ni akiba. Namba yake unaiona kwenye kona ya skrini, na ikifika sifuri umekwama papo hapo. Uchakavu ni deni. Unapofyatua huoni kitu kimepungua, bunduki inapiga vilevile, lakini kila mfyatuo umeongeza kidogo kwenye bili ya fundi utakayokutana nayo baadaye. Kwa hiyo uhaba wa risasi humfanya mchezaji aogope pambano hili, na uchakavu humfanya afikirie pambano la tatu kuanzia hili. Yakikaa pamoja, kubonyeza kifyatulio mara moja kunalipiwa mara mbili.

Metro 2033 ya mwaka 2010 ililiweka jambo la gharama wazi kuliko gemu yoyote ninayoijua: risasi bora za kijeshi ndizo pesa za kununulia vitu, na hizohizo ukizipakia kwenye bunduki huumiza zaidi kuliko zile duni zilizotengenezwa kwenye mahandaki. Mchezaji anapozifyatua anajua anarusha pesa zake hewani. Gemu nyingine hazisemi hivyo waziwazi, lakini hesabu ipo chini kwa chini, na inafaa tuifanye hapa hatua kwa hatua.

Chukua gemu ya mfano. Risasi moja inanunuliwa kwa sarafu 5. Kila mfyatuo unapunguza hali ya bunduki kwa asilimia 0.15, na fundi anatoza sarafu 20 kurudisha asilimia 1. Hapo uchakavu wa mfyatuo mmoja ni sarafu 3, na bei halisi ya risasi ni 8. Mchezaji mwenye bunduki yenye hali ya asilimia 62 amefika mahali penye njia mbili. Upande mmoja kuna dubwana linalohitaji risasi 14 za kulipata. Linakimbia, kwa hiyo risasi moja katika kila tatu itakosa, na jumla itakuwa mifyatuo 21. Hiyo ni sarafu 168, na mzoga wa dubwana hauna kitu mfukoni. Upande wa pili kuna majambazi wawili. Kila mmoja anakufa kwa risasi 4, lakini wamejificha nyuma ya ukuta na nusu ya risasi zinapotea, hivyo ni mifyatuo 16, sarafu 128. Wakifa, kila mmoja anaacha risasi 12. Jumla ni risasi 24 zenye thamani ya sarafu 120. Bunduki zao zimechakaa kiasi kwamba hakuna wa kuzinunua. Mchezaji ametoka na hasara ya sarafu 8, na kama alijeruhiwa, ongeza bandeji.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mchezaji amekaa kwenye kichaka, ameisoma doria yao, akawangoja watoke kwenye kinga na kuanza kwa kulenga kichwa. Kila jambazi anamgharimu mifyatuo 5 badala ya 8. Mifyatuo 10 ni sarafu 80, nyara ni zilezile 120, na faida ni sarafu 40. Hakuna maelekezo yaliyomwambia avizie. Hesabu yenyewe ndiyo iliyomfundisha, na mchezaji hahitaji kuipiga kwa kalamu, maana baada ya saa mbili tatu za kucheza ataihisi mikononi: kukurupuka kunafilisi, kuvizia kunalisha, na dubwana ni la kuachwa lipite.

Hiyo ndiyo sehemu ya pesa. Sehemu ya hofu inaletwa na bunduki kukwama, na hapa wabunifu wengi hukosea kwa sababu hutazama uwezekano wa kukwama kwa mfyatuo mmoja badala ya pambano zima. Kama `p` ni uwezekano wa kukwama kila unapofyatua na `n` ni idadi ya mifyatuo, uwezekano wa kukwama angalau mara moja ni huu:

```
P = 1 - (1 - p)^n
```

Weka `p` ya 1 kati ya 50, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo mno. Katika mifyatuo 10 ya kuvizia majambazi, uwezekano wa kukwama ni kama asilimia 18. Katika mifyatuo 21 ya dubwana ni kama asilimia 35. Iache bunduki ichakae hadi `p` ifike 1 kati ya 15: majambazi sasa ni asilimia 50, na dubwana ni karibu asilimia 77. Angalia jinsi uchakavu usivyoyaadhibu mapambano yote sawasawa. Pambano refu dhidi ya adui mgumu linageuka kuwa jambo la kuhatarisha maisha, wakati lile fupi la kuvizia bado linawezekana kwa mwenye moyo. Na kukwama kunauma zaidi palepale ambapo dubwana liko hatua mbili mbele yako, maana sekunde mbili za kuivuta bunduki ifunguke ni nyingi kwake. Jambazi aliye nyuma ya ukuta hawezi kuzitumia sekunde hizo kama dubwana linavyoweza.

Lakini mchezaji lazima aone mapema kwamba bunduki imefikia hali hiyo. Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilifanya hili vizuri sana. Bunduki iliyookotwa kwa adui ina kutu na uchafu unaouona kwa macho ukiwa umeishika, na unajua itakukwamia, hata kulipuka, kabla ya nyingine. Ile iliyotoka kwa muuza silaha ni safi. Hakuna haja ya kufungua ukurasa wa takwimu, kwani bunduki yenyewe mkononi inakuambia kama leo ni siku ya kushambulia kambi au ya kuizunguka. Mahali ambapo kukwama kunakuja bila dalili yoyote, mchezaji hajifunzi kuchagua. Anajifunza kulaumu bahati, na anarudi kwenye sehemu aliyohifadhi mchezo mara ya mwisho.

Kasi ya uchakavu nayo ina mpaka wake. System Shock 2 ya mwaka 1999 ndiyo mfano unaotajwa kila mara, na ni haki utajwe. Silaha zake zilichakaa haraka kiasi cha kuwaudhi watu wengi, na baadaye kasi hiyo ikawa kitu cha kurekebishwa kwenye faili la mipangilio kwa `gun_degrade_rate`, ambapo 0 inauzima uchakavu kabisa. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema wazo lenyewe lilikuwa baya. Ndani ya meli ya angani ambamo gemu hiyo inachezwa, spana ya kupigia haichakai, kwa hiyo kila adui ni uamuzi: nimkaribie kwa spana na kupoteza damu, au nimpige kwa mbali na kuipoteza bunduki? Maadui wenye bunduki za shotigani huangusha silaha iliyovunjika, na mchezaji makini huifungua kuchukua risasi iliyobaki ndani kisha akaiacha chini. Kitendo hicho kidogo, kuokota bunduki mbovu kwa ajili ya risasi yake tu, kinaonyesha uhaba kuliko maelezo yoyote. Kilichoharibu ni kasi. Uchakavu ukiwa wa haraka kuliko mchezaji anavyoweza kupanga, kuchagua pambano hakusaidii tena, kwa sababu hata mapambano machache ya lazima yanaimaliza bunduki.

Hapo ndipo neno "lazima" linapokuwa na uzito. Uhaba huzaa uchaguzi pale tu penye njia ya kutokea. Ukifunga mlango hadi maadui wote wafe, gharama ya kila risasi inakuwa kodi, na kodi hailipwi kwa kufikiri. S.T.A.L.K.E.R. 2 ilipotoka Novemba 2024, madubwana yake hayakuwa na chochote cha kuokotwa, na kuyakimbia au kuyapisha kulikuwa na maana kamili pale ambapo eneo ni wazi na kuna paa la kupanda. Kwenye handaki lenye mlango mmoja, dubwana lilelile linachukua magazini kadhaa, halirudishi kitu, na mchezaji hakuwa na uamuzi wowote wa kufanya. Kama ningekuwa najenga eneo kama hilo, ningehakikisha kwanza sauti ya dubwana inasikika kabla ya mlango, ili mchezaji ageuke akiwa bado na nafasi ya kugeuka.

Kuna tundu lingine ambalo mfumo mzima huvujia, nalo ni bunduki za maadui. Zikiangushwa katika hali nzuri, mchezaji hatengenezi chochote. Anatupa yake iliyochakaa na kuchukua ya maiti, na deni lote la uchakavu limefutwa bure. Ndiyo maana bunduki ya adui huangushwa ikiwa mbovu, na S.T.A.L.K.E.R. 2 inaongeza kwamba silaha iliyochakaa hadi alama yake ikawa nyekundu wafanyabiashara hawainunui. Tundu likizibwa kwa namna hiyo, adui aliyekufa anabaki na thamani ya risasi zake na vifaa vyake vidogo, na hesabu ya sarafu 120 kule juu inasimama.

Kosa la upande wa pili ni mchezaji anayeogopa hata anapopaswa kupiga. Anamaliza gemu akiwa na risasi mamia ambazo hakuzigusa. Chanzo si uhaba wenyewe bali kutojua atajaziwa lini. Dawa yake ni kikomo cha kubeba, kwa uzito au kwa idadi, kiasi kwamba akipita na mkoba uliojaa anaona risasi anazoziacha sakafuni. Metro Exodus ya mwaka 2019 ina dawa nyingine niipendayo: bunduki ya hewa iitwayo Tikhar, inayorusha gololi ambazo unaweza kuzitengeneza popote ulipo kutoka kwenye mkoba wako, wakati risasi za bunduki nyingi nyingine zinasubiri meza ya kazi. Mchezaji anajua hawezi kubaki mikono mitupu, kwa hiyo yuko tayari kuzitumia zile za thamani pale zinapostahili.

Kama unataka kujua mfumo wako unafanya kazi, mtazame mtu akicheza bila kumwambia kitu, na uandike risasi alizo nazo na hali ya bunduki yake kila anapoona adui kwa mara ya kwanza, kisha uandike alichofanya. Panga kumbukumbu hizo kwa hali ya bunduki. Mtu mwenye bunduki ya asilimia 90 na yule wa asilimia 45 wakimkabili adui yuleyule kwa njia ileile, uchakavu wako haujaingia kwenye uamuzi wao. Ama hawauoni, ama hawana pa kupita. Mwangalie basi yule wa asilimia 45 alikuwa ametazama wapi sekunde chache kabla hajafyatua. Kama macho yake yalitafuta njia ya pembeni na hakuiona, tatizo liko kwenye ramani yako, na kupunguza kasi ya uchakavu hakutalitibu.